Jawabu Linalokatwa Pamoja na x

Karibu miaka 1,200 iliyopita, mjini Baghdad, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu ambacho aljebra ilipata jina lake humo. Alikiandika enzi ya Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia mwaka 813 hadi 833. Hakikuwa na x ndani yake wala alama ya usawa, maana kila hesabu iliandikwa kwa maneno. Miongoni mwa mifano yake ya mwanzo upo huu: mraba ulio sawa na mara tano ya kipeuo chake. Jawabu la al-Khwarizmi lilikuwa moja. Kipeuo ni 5, na mraba ni 25.

Mwanafunzi wa sekondari wa leo huliandika swali hilo hilo hivi:

x² = 5x

Wengi huona x kila upande, wakaikata. Upande wa kushoto hubaki x moja, upande wa kulia hubaki 5, na kazi inaonekana imekwisha: x = 5. Mwalimu anaposahihisha hukuta jawabu hilo ni la kweli, na bado hatoi alama zote, kwa sababu lipo jawabu la pili. Weka 0 mahali pa x: sifuri mara sifuri ni sifuri, na tano mara sifuri ni sifuri. Pande mbili zinalingana kabisa. Sifuri ilikuwa jawabu halali tangu mwanzo, ikatoweka katika mstari mmoja wa hesabu ambao mkononi ulionekana safi.

Al-Khwarizmi hakuwa mzembe. Katika utangulizi wake anaeleza kwamba kitabu ni cha watu wenye haja ya kugawa mirathi, kufanya biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji, na sehemu kubwa ya kitabu inahusu mirathi. Katika maswali ya namna hiyo kitu kinachotafutwa lazima kiwepo: fungu la mrithi, upande wa shamba, bei ya bidhaa. Shamba lenye upande wa urefu wa sifuri halipimwi na mtu. Al-Khwarizmi aliijua sifuri vizuri, kwani ndiye pia aliyeandika kitabu kuhusu namba za Kihindi, ambamo sifuri hushika nafasi iliyo tupu. Lakini kwake haikuwa kiasi ambacho swali lingeweza kukitoa kama jibu. Kwa hiyo alipobaki na 5 pekee, hakupoteza kitu alichokuwa akikitafuta.

Mwanafunzi wa leo yuko mahali pengine. Swali lake halisemi x ni upande wa shamba. Linasema tu tafuta kila namba inayofanya pande mbili zilingane, na sifuri ni namba kama nyingine.

Kinachotokea pale x inapokatwa ni hiki. Kukata ni kugawanya: pande zote mbili zimegawanywa kwa x. Kugawanya pande zote kwa namba ileile hakuharibu usawa, mradi namba hiyo isiwe sifuri. Kugawanya kwa 2 ni salama, kwa 7 ni salama, kwa −13 ni salama. Kugawanya kwa sifuri hakuna maana, kwa kuwa hakuna namba moja inayoweza kuwa jibu lake: 0 × 3 na 0 × 8 zote ni 0, basi ukiambiwa 0 igawanywe kwa 0 huna njia ya kujua kama urudi kwenye 3, kwenye 8 au kwenye namba nyingine yoyote.

Herufi x, hata hivyo, haijatamka bado kama ni sifuri au si sifuri. Hilo ndilo linalotafutwa. Anayegawanya kwa x anakuwa amekwisha kuamua, pengine bila kujua, kwamba x si sifuri. Uamuzi huo haujaandikwa popote kwenye karatasi, lakini unafanya kazi: kuanzia mstari unaofuata, hesabu inazungumzia namba zisizo sifuri tu. Kama sifuri ilikuwa miongoni mwa majawabu, imeachwa nyuma, na hakuna hatua ya baadaye itakayoirudisha.

Kosa hili lina tabia moja inayolifanya liwe baya kuliko makosa mengi ya darasani. Halinaswi na uhakiki. Wanafunzi hufundishwa, na ni mafunzo mazuri, kwamba baada ya kupata jawabu walirudishe katika mlinganyo wa mwanzo waone kama linakubali. Mwanafunzi aliyepata x = 5 akifanya hivyo ataona 25 upande huu na 25 upande ule. Atafurahi na kufunga daftari. Uhakiki umempa ukweli, ila ni ukweli kuhusu namba aliyonayo mkononi tu. Namba aliyoiacha haikuulizwa.

Linganisha na kosa la upande wa pili, la kuzidisha. Mtu akianza na x = 3, kisha akazidisha pande zote kwa x, atapata x² = 3x, na mlinganyo huo mpya una majawabu mawili, 3 na 0. Sifuri hapa ni mgeni asiyealikwa. Lakini akirudi kwenye mstari wa kwanza, x = 3, na kuweka sifuri, ataona mara moja kwamba 0 si 3, naye ataiondoa. Jawabu lililozidi hujifichua lenyewe linapohakikiwa. Jawabu lililopungua halina pa kujifichulia. Ndiyo maana walimu wenye uzoefu huwa wakali zaidi kwa anayegawanya kuliko kwa anayezidisha, na wana haki.

Pengine msomaji atasema sifuri ni jawabu dogo, la kufanya hesabu itimie tu, na kwamba katika maisha ya kazi 5 ndiyo yenye maana. Wataalamu wa uvuvi wana sababu nzito ya kutokubaliana naye.

Mwaka 1838 Mbelgiji Pierre-François Verhulst alipendekeza njia ya kueleza jinsi idadi ya viumbe inavyokua pale chakula na nafasi vina mpaka. Mwaka 1954 Mmarekani Milner Schaefer, aliyekuwa akichunguza jodari wa Bahari ya Pasifiki, alichapisha kazi iliyoichukua njia hiyo na kuongeza uvuvi ndani yake. Wazo lake bado linafundishwa popote panapofundishwa usimamizi wa samaki. Kwa namba za mfano linakwenda hivi.

Chukua bwawa linaloweza kulisha samaki 10,000 na si zaidi. Wakiwa wachache na nafasi ni tele, kila samaki 100 huongeza 40 kwa mwaka. Wanapozidi kuwa wengi wanabanana, na ongezeko linapungua mpaka linakoma kabisa wakifika 10,000. Idadi yao ikiitwa S, ongezeko la mwaka ni 0.4S(1 − S/10000). Sasa wavuvi wanaingia na kila mwaka wanatoa sehemu moja ya kumi ya samaki waliomo, yaani 0.1S. Swali la msimamizi ni hili: idadi itatulia wapi? Itatulia pale wanaozaliwa na kukua watakapolingana na wanaovuliwa:

0.4S(1 − S/10000) = 0.1S

S iko pande zote mbili, na mkono unawasha kuikata. Ukiikata, hesabu inatoka vizuri. Mabano yanakuwa sawa na 0.25, basi S/10000 ni 0.75, na S ni 7,500. Jibu hili lina akili. Samaki 7,500 huongeza 750 kwa mwaka, na wavuvi huchukua 750. Bwawa linatulia.

Wavuvi wakiongezeka na kuvua 0.2 ya samaki kila mwaka, hesabu ileile inatoa 5,000. Wakivua 0.3, inatoa 2,500. Mpaka hapa hakuna aliyeumizwa na kukata S, na msimamizi anaweza kuamini kwamba njia yake haina dosari. Halafu uvuvi unafika nusu ya samaki kwa mwaka:

0.4S(1 − S/10000) = 0.5S

Akikata S, mabano yanakuwa sawa na 1.25. Kwa hiyo S/10000 ni −0.25, na bwawa lina samaki −2,500.

Samaki hasi hawapo. Aliyekata S sasa hana jibu lolote, na anaweza kufikiri kwamba fomula imeharibika, au kwamba namba alizopewa zina kasoro. Fomula ni nzima. Jibu lake la kweli alilitupa katika mstari wa kwanza: S = 0. Bwawa litatulia pale ambapo hamna samaki.

Mtu anaweza kulifuatilia bwawa hilo mwaka hadi mwaka kwa kalamu. Likianza na samaki 10,000, mwaka wa kwanza hakuna ongezeko na nusu wanavuliwa, wanabaki 5,000. Mwaka wa pili 5,000 wanaongeza 1,000 na kupoteza 2,500, wanabaki 3,500. Kisha 2,660, kisha karibu 2,110. Baada ya miaka kumi wamebaki takriban 760, na wanaendelea kushuka, kwa kuwa hata nafasi ikiwa tele 100 huongeza 40 na kupoteza 50. Sifuri, ambayo darasani ilionekana jawabu la kutimiza tu, ndiko idadi yote inakoelekea.

Ilikuwapo tangu uvuvi ulipokuwa mdogo. Katika mlinganyo wa 0.1S, sifuri ni jawabu pia: bwawa lisilo na samaki halizai na halivuliwi, basi limetulia. Ila halivuti. Ukilitia samaki 100, wataongeza karibu 40 na kuvuliwa 10, na idadi itapanda kuelekea 7,500. Uvuvi unapofika 0.4 majawabu mawili yanakutana kwenye sifuri. Ukipita hapo, sifuri ndiyo inayovuta. Mtu aliyeyashika majawabu yote mawili tangu mwanzo analiona badiliko hilo likija. Aliyebaki na moja huona tu namba yake ikishuka kwa utaratibu, 7,500, 5,000, 2,500, kisha inageuka upuuzi.

Ziwa Viktoria ni kubwa na gumu kuliko bwawa la mfano, wala haliingii katika mlinganyo wa herufi moja. Lakini linaonyesha kwa nini swali la sifuri huulizwa kwa uzito. Nyavu za kutegea za kigeni ziliingia huko mwaka 1905. Uchunguzi ulioongozwa na Michael Graham mwaka 1927 na 1928 ulikuta kwamba ngege wanaopatikana kwa kila wavu wamepungua sana, naye akashauri matundu ya nyavu yasiwe chini ya inchi 5. Anayepanga uvuvi kwa hesabu anahitaji hesabu inayoweza kumwambia neno "hakuna".

Kosa hili lingekuwa rahisi kulikwepa kama kila mara lingejitokeza kama x peke yake. Mara nyingi hujificha ndani ya mabano. Tazama huu:

(x − 3)(x + 2) = 4(x − 3)

Hapa kinachokatwa ni mabano mazima, x − 3, na kinachobaki ni x + 2 = 4, yaani x = 2. Mabano yaliyokatwa huwa sifuri pale x inapokuwa 3, na kwa 3 pande zote mbili za mlinganyo wa mwanzo ni sifuri. Jawabu lililopotea ni 3. Mwanafunzi aliyejifunza kuogopa x tupu hukosea hapa, kwa sababu hakuna sifuri inayoonekana: jawabu lililopotea si 0, ni namba inayoyafanya mabano yawe 0. Katika pembe hali ni hiyo hiyo. Mlinganyo 2 sin x cos x = cos x, ukitafutiwa majawabu kati ya nyuzi 0 na 360, una manne: 30, 90, 150 na 270. Anayekata cos x huondoka na 30 na 150 pekee, nusu ya kazi.

Zipo dalili za kumshtua mtu mapema. Mlinganyo ambao kipeo chake kikubwa ni 2 unaweza kuwa na majawabu mawili; ukianza na x² na kumaliza na jawabu moja, simama uulize la pili limekwenda wapi. Dalili hii si hukumu. Mlinganyo x² − 6x + 9 = 0 una jawabu moja tu, 3, na hakuna kilichopotea. Njia iliyo wazi zaidi ni kuchora. Mchoro wa y = x² ni upinde unaokaa juu ya sifuri, na mchoro wa y = 5x ni mstari mnyoofu unaopanda. Vinakutana mahali pawili, penye x = 0 na penye x = 5, na jicho linaona pale ambapo kalamu ilipita haraka.

Dawa yenyewe ni kutokugawanya. Badala ya kukata, hamisha kila kitu upande mmoja ubaki na sifuri upande wa pili:

x² − 5x = 0

Kisha toa kigawo cha shirika nje ya mabano: x(x − 5) = 0. Namba mbili zikizidishwa zikatoa sifuri, lazima mojawapo iwe sifuri. Basi ama x = 0, ama x − 5 = 0. Njia zote mbili zimeandikwa, na hakuna iliyofungwa kimyakimya. Hivyo hivyo kwa bwawa: S inatoka nje ya mabano, na sifuri inabaki kwenye karatasi ikisubiri kuangaliwa.

Mfaransa René Descartes aliuonyesha ujenzi huu katika kitabu chake cha jiometri cha mwaka 1637. Alichukua x − 2 = 0 na x − 3 = 0, akazizidisha, akapata x² − 5x + 6 = 0, mlinganyo wenye majawabu yote mawili ndani yake. Akazidisha tena kwa x − 4, na jawabu la tatu likaingia. Anayeuona mlinganyo ukijengwa namna hiyo anaelewa mara moja maana ya kugawanya kwa kipande kimoja. Kipande kinapotolewa, jawabu lake linatoka nacho.

Hata hivyo kugawanya kwa herufi hakujakatazwa, na vitabu vya fizikia hufanya hivyo kwa haki kabisa. Chukua mpira wa kilo 2 unaokwenda mita 3 kwa sekunde ukaugonga mpira wa kilo 1 uliotulia, bila nishati yoyote kupotea. Mwendo wa mpira wa kwanza baada ya hapo uitwe v, na wa pili uitwe w. Momenta ikihifadhiwa, 2(3 − v) = w. Nishati ya mwendo ikihifadhiwa, 2(9 − v²) = w². Sasa gawanya usawa wa pili kwa ule wa kwanza. Kwa kuwa 9 − v² ni (3 − v)(3 + v), mabano ya 3 − v yanakatika na kinabaki 3 + v = w. Ukiunganisha na usawa wa kwanza, v ni 1 na w ni 4. Mpira mzito unapunguza mwendo hadi mita 1 kwa sekunde, na mwepesi unaondoka kwa mita 4.

Kilichokatwa hapo ni 3 − v upande mmoja na w upande mwingine, navyo huwa sifuri pale v = 3 na w = 0. Hilo pia ni jawabu la milinganyo yote miwili: mpira wa kwanza unaendelea na mwendo wake uleule, wa pili hautikisiki. Ni hali ya mipira iliyopishana bila kugusana. Milinganyo ya momenta na nishati haijui kama mgongano ulitokea. Inajua tu kilichohifadhiwa, na mipira iliyopishana imehifadhi kila kitu. Mwanafizikia anaruhusiwa kulitupa jawabu hilo kwa sababu swali limesema mipira imegongana. Anachotakiwa kufanya ni kuandika, kabla ya kukata, mstari mmoja mfupi: v si 3, kwa kuwa mipira imegusana.